Kabla hujafupisha faili, zisomeshe pamoja

Wewe ndiye katibu wa chama, na kwenye grupu ya WhatsApp umetumiwa faili nne pamoja na ujumbe mmoja: “Tufupishie hizi, ukurasa mmoja tu, tunaomba mkopo.” Unafungua ya kwanza, unaandika aya. Unafungua ya pili, unaongeza sentensi mbili. Ni chapchap, na hapo ndipo wengi wetu tunajichoma.

Mimi nilichomeka karibu. Chama chetu cha vijana kilikuwa na katiba, kumbukumbu za mikutano miwili zikiwa kwenye faili moja, lahajedwali ya mweka hazina na taarifa ya M-Pesa ya Januari hadi Juni. Katiba inasema kila mwanachama achange shilingi 600 kwa mwezi. Lahajedwali ilisema michango ya miezi hiyo sita ni 86,400. Kumbukumbu za Julai zilisema vivyo hivyo. Taarifa ya M-Pesa ilionyesha michango iliyoingia ni 82,200.

Tofauti ni 4,200. Kwa kikundi cha watu wanaookota senti, hiyo inatosha kumfanya mweka hazina aitwe mwizi.

Ningefupisha faili mojamoja, nisingeiona. Ukishaandika 86,400 kwenye aya ya kwanza, macho yako yanatafuta kitu cha kuunga mkono nambari hiyo, na ile nyingine unaipita ukidhani ni mambo ya ada za kutuma pesa. Ndiyo maana nasema usiandike hata sentensi moja kabla ya kuchora jedwali dogo, hata kwa kalamu. Kila faili ipate safu wima yake. Kando andika maswali yaleyale kwa zote: wanachama wangapi, kipindi kipi, jumla ngapi, nani aliandika, na aliitoa wapi hiyo habari. Jaza kwanza, usiamue lolote.

Swali hilo la mwisho ndilo watu huruka. Mimi nilikuwa na faili mbili dhidi ya moja, na kichwa kikaniambia wengi wape. Lakini faili hazipigi kura. Kumbukumbu za Julai zilinukuu ripoti ya mweka hazina, naye aliisoma kutoka lahajedwali yake. Kwa hivyo hao hawakuwa mashahidi wawili. Ni shahidi mmoja na mwangwi wake. Na kuchukua wastani ni mbaya zaidi, kwa sababu 84,300 haimo kwenye faili yoyote.

Jedwali ndilo lililonipa jibu, kwenye mstari wa wanachama. Lahajedwali ilikuwa na majina 24. Kumbukumbu za Aprili zilisema wawili walijiondoa mwisho wa Machi, tukabaki 22. Mweka hazina hakuwafuta. Fomula iliendelea kuwahesabia 600 kila mwezi. Wawili kwa miezi mitatu ni 3,600. Ikabaki 600. Nikapitia majina kwenye taarifa ya M-Pesa na kukuta mmoja hana mchango wa Juni. Nilipompigia, akanisomea ujumbe wa uthibitisho: alituma tarehe 2 Julai, na taarifa inaishia Juni 30. Hakuna aliyeiba.

Angalia kwamba hayo ni makosa ya aina mbili. La kwanza ni mgongano wa kweli, faili moja imekosea. La pili si kosa la mtu, ni vipindi tofauti tu. Usiyatibu kwa dawa moja.

Najua utasema, si nichukue tu ile iliyoandikwa “final”? Buda, kila mtu ana “final” tatu. Hata tarehe unayoiona kando ya jina la faili mara nyingi ni ya siku ulipoipakua kwenye simu. Tafuta tarehe ndani ya maandishi. Pia, kama PDF ni picha ya karatasi iliyoskaniwa, ukitafuta neno huenda usipate kitu hata kama limo. Isome kwa macho.

Na ukishindwa kusuluhisha? Andika zote mbili na useme kila moja imetoka wapi. Muhtasari wangu ulisema michango iliyoingia kufikia Juni 30 ni 82,200 kutoka kwa wanachama 22 waliopo na wawili waliotoka, na 600 ya Juni ililipwa Julai 2. Mwenyekiti alilalamika kwamba nambari imepungua. Na imepungua kweli.

Mweka hazina alirekebisha lahajedwali yake jioni hiyo. Kumbukumbu za Julai sikuzigusa, kwa sababu zilikuwa zimeshatiwa sahihi. Kosa lake lilisomwa na kusahihishwa kwenye mkutano wa Agosti, mbele ya wote.