Muuza Mbuzi, Andika Kilo

Ndugu zangu wafugaji wa Mjimwema, Idi ya kuchinja inakaribia, na kuta zitajaa karatasi zisemazo "Mbuzi wanene, bei maelewano." Hilo si tangazo, ni kitendawili. Mnene kwa kipimo gani? Na maelewano hayo ataanzia wapi mtu asiyejua bei?

Mzani haukosekani Songea, mji unaopima mahindi mwaka hadi mwaka. Mfunge mbuzi kwenye gunia, mning'inize, usome. Ila mpime alfajiri, kabla hajala wala kunywa. Mbuzi aliyelambishwa chumvi jioni, akashindiliwa pumba na maji, huongeza kilo moja au mbili ambazo mnunuzi hatazikuta kwenye sufuria. Basi andika na saa uliyompima.

Chukua mfano. Mbuzi wa kwanza ana kilo 28, bei shilingi 168,000. Wa pili ana kilo 24, bei shilingi 156,000. Macho hukimbilia wa pili kwa kuwa ni rahisi. Gawanya sasa: wa kwanza ni shilingi 6,000 kwa kilo, wa pili ni 6,500. Tena hizo ni kilo za mbuzi mzima. Ukishatoa kichwa, ngozi, miguu na matumbo, hubaki nyama na mifupa chini kidogo ya nusu. Yule wa kilo 28 atatoa kama kilo 12 na nusu. Mnunuzi akilijua hilo mapema, hatakulaumu siku ya Idi.

Lakini kilo peke yake haimfanyi mbuzi afae udhuhia. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi hii, mbuzi awe ametimiza miaka miwili. Asiwe chongo, kilema, mgonjwa wala aliyekonda kupindukia. Mambo haya hayaonekani kwenye karatasi, ndiyo maana siku za kutazama ziandikwe. Mnunuzi amfunue mdomo: meno mawili mapana ya mbele ni dalili ya mbuzi wa mwaka na kitu, manne, anakaribia miaka miwili au ameivuka. Kisha amtembeze uwanjani, mchana, si kwa tochi.

Siku zenyewe zihesabuni kwa mwezi. Idi ni mwezi kumi Mfunguo Tatu, na mwandamo ndio unaoipanga; aliyeandika "Jumamosi kabla ya Idi" mapema mno huenda akajikuta amekosea. Andika: "Kutazama ni mwezi tatu hadi mwezi saba, saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni."

Na wewe unayeahidi "kuchinja bure, ngozi ya mchinjaji," ifute ahadi hiyo. Ngozi ya udhuhia hailipwi kama ujira. Andika ujira wa mchinjaji kwa fedha, kwenye mstari wake, chini ya bei ya mbuzi.