Betri za veipu zisifichwe kwenye buti la basi

Asubuhi yoyote pale Nyabugogo utaona mabasi ya masafa marefu yakishusha mizigo. Kuna marobota ya nguo, katoni za viatu, vifaa vya simu na, kwa miaka ya karibuni, sigara za kielektroniki ambazo vijana huziita veipu. Mzigo wa namna hii unaweza kuwa umesafiri karibu kilomita 1,500 kutoka Kariakoo, ukapita mpaka wa Rusumo na kufika Kigali bila mtu kuuliza kuna nini ndani. Sisi leo hatuzungumzii madhara ya moshi wake kwa mvutaji. Tunazungumzia betri iliyo ndani yake, kwa sababu hiyo inaweza kumuunguza hata mtu ambaye hajawahi kuvuta.

Kila veipu ina betri ya lithiamu. Hata ile inayouzwa kama ya kutumia na kutupa inayo, na mara nyingi ni betri ya aina ileile inayoweza kuchajiwa tena. Ndani ya betri kuna tabaka mbili nyembamba zilizokunjwa pamoja, zimetenganishwa na utando mwembamba wa plastiki na kulowekwa katika kimiminika kinachoshika moto. Utando ukitoboka, au betri ikigongwa, ikijazwa chaji kupita kiasi au ncha zake mbili zikiunganishwa na kipande cha chuma, umeme wote hugeuka joto kwa mara moja. Joto hilo huivunja kemia ya betri, na kuvunjika huko huzaa joto zaidi. Ndiyo maana moto wake hujilisha wenyewe, na ndiyo maana betri moja ikilipuka huwasha ile iliyo jirani yake.

Mamlaka ya zimamoto ya Marekani ilikusanya matukio 195 ya moto na milipuko ya sigara za kielektroniki kati ya mwaka 2009 na 2016. Wengi wangedhani hatari kubwa ni wakati wa kuchaji. Matukio ya kuchaji yalikuwa 48. Yaliyotokea kifaa au betri ikiwa mfukoni yalikuwa 61, na wakati wa kuvuta 60. Kwa msomaji wetu, ambaye kazi yake ni kubeba mali kutoka nchi moja hadi nyingine, hesabu hiyo ina maana moja: betri haihitaji kuwa kwenye umeme ili iwake. Inatosha ibebwe vibaya.

Waliojifunza jambo hili kwa gharama kubwa ni watu wa ndege. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, Boeing 747, iliruka kutoka Dubai, jiji ambalo wafanyabiashara wetu wanalijua vizuri. Ilikuwa imebeba maelfu ya betri za lithiamu. Moto ulizuka kwenye shehena, moshi ukajaa chumba cha marubani, na ndege ikaanguka ilipokuwa ikijaribu kurudi. Marubani wote wawili walikufa. Baadaye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilichukua hatua. Mwaka 2015 lilikataza sigara za kielektroniki kuwekwa kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Kuanzia Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena zilizuiwa kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zikatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30.

Sababu ya kanuni hizo ni rahisi. Veipu ikianza kutoa moshi mkononi mwa abiria, mtu ataiona na kumwaga maji. Ikianza chini ya masanduku, hakuna atakayejua mpaka kila kitu kimeshika moto. Na betri yenye chaji kidogo ina nguvu kidogo ya kuanzisha moto huo.

Sasa tulinganishe na basi. Buti la basi liko chini ya miguu ya abiria, limefungwa, halina mtu wa kulitazama, na limejaa nguo. Ni mahali palepale ambapo ndege imekatazwa kuweka veipu. Lakini hapa kwetu ndipo katoni inapowekwa, tena mara nyingi inafichwa katikati ya robota ili isionekane mpakani. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ya kudhibiti tumbaku inakataza kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki, kwa hiyo mwenye kuzipitisha Gatuna kwenda Kampala anajua anavunja sheria, na anazificha kadiri awezavyo. Hapo makosa mawili yanakutana. Anayeficha huondoa boksi la kiwandani ili kupunguza ukubwa wa mzigo, huzimwaga veipu ndani ya mfuko wa nguo, na hawezi kumwambia dereva kuna nini humo. Moto ukianza, hata dereva hajui ni moto wa nini.

Msimamo wetu kuhusu mpaka huo ni wazi: bidhaa iliyokatazwa na nchi jirani isipelekwe huko. Kwa nchi ambako bidhaa hii inaruhusiwa, itangazwe forodhani na isafirishwe wazi.

Mfanyabiashara aliyenunua veipu 100 za kutumia na kutupa aziache kwenye maboksi yake. Boksi hilo linazitenganisha zisigongane. Zile zinazowaka kwa kuvutwa hazina kitufe. Zina kihisio cha hewa ndani, na kihisio hicho kikiharibika, kifaa kinaweza kujiwasha chenyewe na kupasha joto. Ndiyo maana nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kizibo cha mpira mdomoni. Kizibo hicho kisitolewe mpaka kwa mteja. Katoni iandikwe kwamba ina betri, isilaliwe na mizigo mizito, na iwekwe mahali utingo anapoweza kuifikia haraka. Akiwa na vifaa vya kuchajiwa, avizime kabisa na asivijaze chaji kabla ya safari.

Betri za kubadilisha zinahitaji uangalifu zaidi. Ile ya kawaida huitwa 18650, kwa sababu ina upana wa milimita 18 na urefu wa 65. Mwili wake wote wa chuma ni upande hasi, na kinachoutenganisha na ncha chanya iliyo juu ni ngozi nyembamba ya plastiki na pete ndogo. Ngozi ikichanika hapo juu, sarafu au funguo vinatosha kuunganisha pande mbili, na mfuko wa suruali utawaka. Kila betri ikae kwenye kikasha chake cha plastiki. Yenye ngozi iliyochanika isiuzwe wala isitumiwe.

Tena mnunuzi asidanganywe na maandishi. Betri ya 18650 iliyoandikwa 9900 mAh ni ya uongo. Viwanda vinavyoheshimika vimekuwa vikitengeneza betri za ukubwa huo zenye kama 3500. Aliyeandika mara tatu ya hiyo hana haya ya kusema uongo juu ya usalama pia. Betri halisi ina uzito wa kama gramu 45. Ikiwa nyepesi mno mkononi, irudishe.

Dukani na nyumbani, kosa kubwa ni kuacha veipu kwenye umeme usiku kucha, juu ya godoro au katikati ya bidhaa. Ichajiwe juu ya sakafu ya saruji au vigae, mwenye nayo akiwa macho, na isiwe kwenye njia ya kutokea. Itumiwe chaja iliyokuja na kifaa, au yenye nguvu ileile iliyoandikwa kwenye kifaa. Si kila chaja ya simu inafaa, hata kama waya wake unaingia. Ikijaa, ichomolewe. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, imevimba, inavuja, inatoa harufu tamu ya dawa au inazomea kama chungu kinachotoa mvuke, safari yake imekwisha. Ichomolewe umeme ikiwa bado inawezekana kuifikia salama, itolewe nje, na watu wakae mbali nayo.

Ikiwaka ndani ya basi, dereva asimame kwanza, abiria wote washuke, maana moshi wake una sumu. Kisha maji mengi yamwagwe, kwa kuwa maji huipoza betri. Blanketi halifai, linahifadhi joto. Mchanga unaweza kuzuia miali isisambae, lakini hauondoi joto lililo ndani. Na miali ikizimika, kifaa kisirudishwe ndani ya basi, kwa sababu betri iliyozimwa inaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa.

Linabaki suala la zilizokwisha. Veipu iliyoisha ladha bado ina chaji. Ikitupwa kwenye mfuko wa taka za nyumbani, itabanwa na taka nyingine ndani ya lori, na betri iliyobanwa ni betri iliyotobolewa. Uingereza, ambako malori na vituo vya taka viliungua mara nyingi kwa sababu ya betri zilizotupwa hivyo, ilikataza uuzaji wa veipu za kutumia mara moja kuanzia tarehe 1 Juni 2025. Sisi hapa Rwanda tuna kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki kilichoko Bugesera, kinachoendeshwa na Enviroserve. Betri na veipu zilizokwisha zipelekwe kwa wakusanyaji wa taka hizo, si Nduba. Zikisubiri, zifunikwe ncha kwa gundi ya karatasi au plastiki, ziwekwe kwenye ndoo yenye mchanga mkavu, nje ya nyumba. Zisitobolewe wala kuchomwa. Muuzaji wa jumla aliyeleta katoni 1 awe tayari kupokea mabaki yake, kama muuza soda anavyopokea chupa.

Kampuni za mabasi zinazotoka Nyabugogo hazihitaji mashine kuanza. Zinahitaji swali moja wakati wa kupakia: je, humu kuna betri au veipu? Akijibu ndiyo, katoni isiende kwenye buti, na asitozwe faini kwa kusema kweli. Mfanyabiashara akijua kwamba kusema hakumgharimu mzigo, atasema. Dereva atakuwa anajua alichobeba, na abiria aliyelala juu ya buti lile atafika Kigali salama.