Kejeli ikinakiliwa, maneno husafiri lakini maana hubaki nyumbani

MWEZI wa Juni 2024, wakati Mswada wa Fedha ulikuwa gumzo kila mahali, anko wangu alinakili ujumbe wa binamu yangu kutoka kundi la familia akaubandika kwenye kundi la chama chao. Ujumbe ulisema hivi: "Hongera wabunge wetu. Mkate ni anasa ya matajiri, sisi wengine tuzoee kushiba upepo. Nani anahitaji kiamsha kinywa?" Chini yake anko akaongeza maneno matatu tu: "Mjibuni huyu kijana."

Wakamjibu kweli. Mzee mmoja akaandika aya ndefu kueleza kuwa mkate si anasa, ni chakula cha mwananchi wa kawaida. Mama mwingine akalia kwamba vijana wa leo wamenunuliwa na wanasiasa. Walikuwa wanamgombeza mtu aliyekuwa upande wao! Binamu yangu alikuwa anapinga ushuru wa mkate kama wao tu, ila alisema kinyume cha alichomaanisha. Alipoulizwa na mamake mbona anataka watu walale njaa, alikata mawasiliano na jamaa zake kwa wiki mbili.

Wengi tunacheka kisa kama hiki, lakini kinaonyesha jinsi kejeli inavyofanya kazi na inavyoharibika.

Kejeli huishi kwenye pengo kati ya maneno na jambo ambalo msemaji na msikilizaji wote wanalijua. Ili umwelewe binamu yangu, ulihitaji kujua kwamba mswada ulipendekeza mkate utozwe ushuru wa VAT wa asilimia 16, ilhali wakati huo haukuwa ukitozwa chochote. Mkate wa gramu 400 uliouzwa karibu shilingi 65 ungepanda kwa kama shilingi 10, iwapo ushuru wote ungemwangukia mnunuzi. Ulihitaji pia kujua kwamba aliyeandika ni mwanafunzi wa chuo anayeishi kwa chai na mkate. Ukiwa na hayo mawili, "hongera" haiwezi kuwa hongera. Ukiyakosa, itabaki kuwa pongezi.

Basi unaponakili na kubandika, unabeba maneno peke yake. Jina la mwandishi linapotea, tarehe inapotea, na mjadala uliotangulia unapotea. Hao wazee wa chama hawakuwa wajinga. Walipewa nusu ya ujumbe na agizo la kujibu.

Jina "Zakayo" ni mfano mwingine. Mtu anayeijua Biblia lakini haishi Kenya angeweza kudhani kumwita Rais Zakayo ni kumsifu, kwa sababu kwenye Injili ya Luka mtu huyo anaishia kutubu na kumkaribisha Yesu kwake. Mkenya anasikia kitu tofauti: mkuu wa watoza ushuru aliyepanda juu ya mti, na wananchi wanaomwambia ashuke. Kejeli yote imo katika sehemu ya kisa ambayo watu wamechagua kuikumbuka.

Kuna wakati kosa la kusoma neno kwa neno huzidi ugomvi wa familia. Januari 2010, kijana mmoja Uingereza alikuwa amepanga safari ya ndege, kisha uwanja wa Robin Hood ukafungwa kwa sababu ya theluji. Kwa hasira aliandika kwenye Twitter kwamba anaupa uwanja huo wiki moja na kidogo ujipange, la sivyo ataulipua hadi angani. Wafuasi wake walikuwa kama 600. Siku kadhaa baadaye mfanyakazi wa uwanja aliuona ujumbe huo akitafuta mambo mengine kwenye mtandao. Wakubwa wake hawakuona tishio la kweli, lakini utaratibu ulitaka polisi waarifiwe. Kijana alikamatwa, akapatikana na hatia Mei mwaka huo na kutozwa faini, na akapoteza kazi. Rufaa yake ya kwanza ilitupwa. Ni Julai 2012 ndipo Mahakama Kuu ya huko ilipofuta hukumu, kwa hoja kwamba ujumbe usioweza kumtia hofu mtu mwenye akili timamu anayejua mazingira yake si tishio.

Angalia muda huo: miaka miwili na nusu, kwa sentensi moja. Na ushahidi ulikuwepo tangu mwanzo. Gaidi hatangazi shambulio kwa jina lake halisi, wala hatoi makataa ya "wiki moja na kidogo". Mtu alihitaji tu kusoma mazingira pamoja na maneno.

Sasa, ukibandikiwa ujumbe na kuambiwa "jibu hii", fanya nini? Kwanza rudisha kilichokatwa. Uliza nani aliandika, lini, na alikuwa anamjibu nani. Pili, tafuta sifa zilizozidi kipimo. Mtu anayefurahi kweli husema "afadhali wamepunguza bei". Hasemi "tuzoee kushiba upepo". Usitegemee emoji, maana wengi huandika kejeli kavu bila alama yoyote, na wengine huweka uso wa kucheka kwenye matusi ya kweli.

Tatu, jibu lalamiko lililofichwa. Anko angeandika, "Kijana ana uchungu na bei ya mkate, na mimi pia," mjadala ungeenda kwa wabunge wanaopiga kura. Na ukikosa uhakika, swali moja linatosha: "Unamaanisha hivyo ama unachoma?" Si aibu kuuliza. Aibu ni kuandika aya nne ukimpinga mtu mnayekubaliana.

Lakini usiende kombo upande wa pili pia. Kuna watu hutupa maneno ya chuki, wakibanwa wanasema "nilikuwa nafanya mzaha". Hapa Kenya tunajua neno "madoadoa". Kwenye kamusi ni alama tu za rangi tofauti. Kwenye siasa za Bonde la Ufa limetumika kuwaita watu wa jamii nyingine wageni wanaostahili kuondolewa, na Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ililiweka kwenye orodha yake ya maneno ya chuki mwaka 2022. Hapo ukisoma neno kwa neno, utamwachilia mwenye hatia.

Kwa hivyo kipimo ni kilekile pande zote mbili: nani anachomwa, na nini kitatokea mtu akiyafuata maneno hayo? Kejeli ya binamu yangu ilimlenga mwenye mamlaka, na hakuna ambaye angeumia kwa kuifuata, kwani hakuna anayeweza kushiba upepo. "Madoadoa" humlenga jirani, na likifuatwa, nyumba huchomwa.

Ushuru wa mkate uliondolewa kwenye mswada Juni 18, 2024, na siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni Juni 25, Rais akasema hatatia saini mswada wenyewe. Binamu yangu aliandika tena kwenye kundi la familia: "Asanteni, sasa nitanenepa."

Safari hii anko hakunakili. Alimpigia simu.