Majaketi 60 kwa Abiria 60 Hayatoshi

Wachuuzi wa samaki wa komine Annexe, hapa Lubumbashi, wanaijua vizuri barabara ya Kasenga. Ni zaidi ya kilomita 200 juu ya lori hadi ufike mto Luapula. Wapo wanaonunua samaki pale pale Kasenga na kurudi, na wapo wanaopanda boti ya mbao kushuka na mto hadi Ziwa Mweru, upande wa Kilwa au Pweto. Ukiwauliza wenye boti juu ya vifaa vya usalama, majibu yanafanana kila mahali. Yametamkwa kwa kujiamini mara nyingi mno, hadi abiria nao wanayarudia. Nataka kuyajibu moja baada ya jingine, kwa sababu majibu haya yanaua watu.

"Boti ina abiria 60 na majaketi 60. Hesabu imetimia."

Haijatimia. Tuihesabu pamoja. Chukua boti yenye abiria 60, na kati yao watoto tisa na wachanga watatu. Kwanza kuna watu ambao hesabu hii imewasahau: nahodha, fundi wa injini na vijana wawili wa mizigo. Nao wanazama kama wengine, kwa hiyo roho zilizomo ni 64. Sasa yatoe yale majaketi 60 yote, yapange ufukweni, uyashike moja moja. Vuta kila mkanda kwa nguvu. Funga na kufungua kila kifungo. Bonyeza kwa kidole gumba uone kama kilichomo ndani kinarudi mahali pake au kinabaki kimebonyea. Kagua mshono wa mabegani, kwa sababu ndipo watu hushikwa wakivutwa kutoka majini. Tuseme manane hayafai: matatu hayana vifungo, matatu yamepasuka, mawili yamejazwa sifongo. Yanabaki 52, na yote ni ya watu wazima. Watu wazima ndani ya boti, pamoja na wafanyakazi, ni 52. Kwa hiyo kwenye karatasi boti imekamilika, na kwenye maji watoto 12 hawana kitu.

Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Akiingia majini, jaketi hupanda juu na mwili wake huteleza chini, kichwa kikapita kwenye tundu la shingo. Vipimo vya kimataifa vinagawa majaketi kwa uzito: ya wachanga chini ya kilo 15, ya watoto kati ya kilo 15 na 43, na ya watu wazima kuanzia kilo 43. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unataka meli ya abiria iwe na majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya abiria, na kama watoto ni wengi zaidi ya hapo, kila mtoto awe na lake. Unadai pia akiba ya asilimia 5 kwenye sitaha. Mkataba huo haukuandikwa kwa ajili ya boti za Luapula, lakini mtoto wa Kasenga hana uzito tofauti na mtoto wa baharini.

Hapo nitasimama kidogo kwa ajili ya akina mama. Mama anayembeba mtoto mgongoni kwa kitenge, kisha akavaa jaketi, anamweka mtoto mahali pabaya kuliko pote. Jaketi zuri kazi yake ni kumgeuza mtu alale chali, uso juu. Mama akigeuzwa chali, mtoto yuko chini yake, ndani ya maji. Kabla boti haijaondoka, mtoto afunguliwe, avalishwe jaketi lake la kichanga na apakatwe mbele. Kondakta asiyekuwa na jaketi la kichanga aambiwe wazi kwamba mtoto huyo hawezi kusafiri leo.

"Majaketi yetu ni mapya, tumeyanunua sokoni juzi."

Upya si uzima. Januari 2016 polisi wa Izmir, Uturuki, walikamata majaketi bandia zaidi ya 1,200 yaliyotengenezwa kwa ajili ya wahamiaji wanaovuka kwenda Ugiriki. Ndani yake kulikuwa na vifaa vya kufungia bidhaa, vinavyofyonza maji badala ya kuelea. Rangi ilikuwa ile ile ya machungwa.

Namna ya kujua ipo, na haihitaji maabara. Soma lebo kwanza. Jaketi lililoandikwa 50 N ni la mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na nchi kavu. Haliwezi kumgeuza mtu aliyezimia. La abiria liwe angalau 100 N, maana yake linabeba takriban kilo 10 majini. Kisha lifunge kwa kamba kwenye chuma cha kilo 10 na ulitupe majini, liache hapo hadi kesho yake. Likiwa limezama, halifai, hata kama limetoka dukani jana. Chukua machache kutoka kila bunda ulilonunua uyajaribu hivyo. Majaketi yaliyolaliwa na magunia ya mahindi miezi mingi, au yaliyomwagikiwa mafuta ya injini, ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza.

"Tunayaweka sandukuni yasichafuke. Shida ikija tutayagawa."

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linaonekana la busara. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikikaribia gati ya Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama Ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakitazama. Katika misiba yote miwili ufuko ulikuwa unaonekana, wala hilo halikuwaokoa waliokufa. Boti iliyojaa haizami polepole kama ndoo inayovuja. Mizigo ikihamia upande mmoja, au watu wakisimama kwa pamoja kuwahi kushuka, inalala mara moja.

Kwa hiyo jaketi lililo chini ya magunia lisihesabiwe. Hesabu iwe ya majaketi yaliyo mwilini. Baada ya msiba wa Aprili 2019 Ziwa Kivu, upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria wa boti awe na jaketi. Agizo hilo likitafsiriwa kuwa sanduku lililofungwa kwa kufuli, limevunjwa.

"Fataki za dharura za nini? Huku hakuna wa kuja kutuokoa."

Neno hili lina ukweli kiasi: Mweru haina kikosi kinachokesha na boti za uokoaji. Lakini ina wavuvi. Usiku, wavuvi wa chisense wanawasha taa zao ziwani kuvuta dagaa hao wadogo, na wavuvi hao ndio waokoaji wenu. Fataki ni ya kuwaambia wao wapi mlipo. Roketi ya parashuti hupanda mita 300 na kuwaka sekunde 40. Ile ya kushika mkononi huwaka dakika moja. Ya moshi wa machungwa hutoa moshi dakika tatu, na inafaa mchana tu.

Kutokana na nyakati hizo utaona kwa nini hesabu yake ni ngumu kuliko ya majaketi. Anayewasha zote kwa hofu, dakika tano baadaye hana kitu. Roketi hurushwa kutafuta jicho la mtu aliye mbali. Ya mkononi huwekwa hadi uone taa au usikie injini, ndipo umwonyeshe njia. Ishike nje ya ukingo, upande ambako upepo unaelekea, mbali na bidoni za petroli. Na tarehe isomwe: nyingi muda wake ni miaka mitatu tangu kutengenezwa. Iliyopita tarehe haiingii kwenye hesabu. Zihifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha maji, kwa sababu unyevu huziua kabla ya tarehe. Jambo moja wenye boti hulisahau: kama wavuvi hawajui maana ya mwanga mwekundu angani, wataushangaa tu. Waambiwe, bandarini, kabla ya safari.

"Kizima moto kipo, na mshale uko kwenye kijani."

Kijani kinaonyesha mgandamizo wa gesi na hakisemi lolote juu ya unga. Boti inatetemeka saa nyingi, na unga hushikamana chini kama saruji. Kila mwezi kigeuze juu chini, usikilize na uhisi unga ukishuka ndani. Usiposhuka, kigonge kitako kwa nyundo ya mpira. Ukigoma bado, kipeleke kwa fundi. Angalia pini na lakiri yake. Kilichofyatuliwa hata kidogo kijazwe upya, kwa sababu kitavuja.

Kizima moto cha unga cha kilo 6 kinatoa kwa sekunde 15 hadi 20 hivi, kwa hiyo kimoja hakitoshi boti yenye bidoni za petroli. Viwe viwili, na hata kimoja kisining'inie juu ya injini yenyewe, maana moto ukianzia hapo hutakifikia. Maji yasimwagwe kwenye petroli, yanaisambaza.

"Sanduku la dawa lina vidonge vya kichwa."

Basi litupwe, lianze upya: glavu, bandeji pana, shashi, dawa ya kusafisha vidonda, mkasi, chumvi ya kuongeza maji mwilini, blanketi mbili kavu kwenye mfuko wa plastiki. Na awepo mtu anayejua kwamba aliyezama na hapumui hupewa pumzi tano za mdomo kwanza, kisha kifua kikandamizwe. Hakuna kidonge kinachofanya kazi hiyo.

"Orodha ilikaguliwa tulipoondoka."

Ilikaguliwa Kasenga. Kisha boti ikasimama kijijini, wakapanda saba; ikasimama tena, wakapanda watano na mbuzi. Karatasi bado inasema 60. Desemba 2014, Katanga ikiwa bado jimbo moja, MV Mutambala ilizama Ziwa Tanganyika na zaidi ya watu 100 wakafa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Hakuna kifaa kinachorekebisha boti iliyolemewa, na jaketi lenyewe ndilo liwe kipimo. Jaketi zima la mwisho likishavaliwa, aliyebaki ufukweni, awe mgeni, awe shemeji wa nahodha, anasubiri boti nyingine.

Mama, baba, kijana unayetoka Annexe na pesa ya samaki kwenye mkanda: usilipe nauli kabla hujashika jaketi lako mkononi, ukavuta mkanda, ukafunga kifungo. Kama una mtoto, dai lake pia. Ukiambiwa utapewa njiani, shuka.