Ukurasa Mmoja au Kurasa Nyingi?

Vyama vya wafanyakazi vinapoendesha kampeni moja katika nchi kadhaa, huzuka swali: kila nchi iwe na ukurasa wake katika mitandao ya kijamii, au wote watumie akaunti moja? Sisi twasema kitakachoamua ni dai lenyewe, wala si mipaka.

Tutazame Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 kupinga ukatili na unyanyasaji kazini. Maadamu dai ni moja kila mahali, yaani serikali iuridhie, akaunti moja yatosha. Lakini Uganda iliuridhia mwaka 2023. Mfanyakazi wa Kampala akiambiwa leo adai uridhiwe, atauliza, “Hili latuhusu nini?” Dai lake sasa ni utekelezaji. Maswali ya namna hiyo yakizidi, ukurasa wa pili wastahili.

Hata hivyo, usifunguliwe kabla hajapatikana mtu wa kuwajibu wasomaji kila siku. Ukurasa uliolala huwaonyesha waajiri kwamba kampeni nayo imelala. Asipopatikana mtu huyo, akaunti ibaki moja, na kila tangazo lianze kwa jina la nchi linayoihusu.