Mwenye Hisa wa Kikoneni na Kitabu cha Mwaka

Alasiri moja, barazani Kikoneni, mzee mmoja alinipa kitabu kinene cha kampuni aliyonunua hisa zake. "Hebu nisomee, mwanangu. Hapa pana Kiswahili, pale mbele sifahamu kitu."

Ndivyo ilivyo, ndugu msomaji. Baadhi ya kampuni za Soko la Hisa la Nairobi huifasiri taarifa ya mwenyekiti, kisha mizania na hesabu zake zikaachwa kwa Kiingereza. Mzee hupewa maneno, akanyimwa hesabu.

Na maneno yenyewe yana mitego. Mwenyekiti akisema mwaka ulikuwa na "changamoto", mfasiri asilibebe neno hilo na kupita. Atazame hesabu, kama mauzo yamepungua, aulize afisi ya kampuni kama yafaa kuandika wazi kuwa yamepungua. Halikadhalika "mapato". Wengine huliandika kwa fedha zote zilizoingia, na ukurasa wa pili kwa kile kilichobaki baada ya gharama. Heri fedha zilizoingia ziitwe mauzo, na kilichobaki kiitwe faida, nayo ielezwe ni kabla ya kodi au baada yake.

Tarakimu nazo zina lugha. Juu ya safu huandikwa kuwa ni maelfu au mamilioni ya shilingi. Tuseme pameandikwa 640 ndani ya mabano, na safu ni ya mamilioni: hiyo ni hasara ya shilingi milioni 640. Mfasiri akiondoa mabano, hasara imegeuka faida.

Tuchukue Safaricom, iliyouza hisa zake kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja. Kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2024, gawio lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa. Mwenye hisa 1,000 alistahili shilingi 1,200. Mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya asilimia 5, yaani shilingi 60, akabakiwa na 1,140. Asiyeelezwa kodi hiyo atadhani ameibiwa.

Lakini swali la mzee lilikuwa jingine: "Humu mna riba?" Katika Kiswahili cha kitabu nilikuta "gharama za fedha" na "mapato ya fedha" tu. Maneno hayo si ya uongo, kwani gharama hizo huweza kuchanganya riba ya mikopo na hasara ya kubadilisha fedha za kigeni. Bali maelezo yaliyo nyuma ya hesabu huzitenga moja moja, na huko ndiko mfasiri apaswako kwenda, aandike "riba" palipo na riba. Mwislamu ataka kujua ni kiasi gani cha gawio lake kilichoguswa nayo, apate kukitoa.

Nilimfungulia mzee ukurasa huo, nikamwonyesha kiasi kwa kidole. Akakitazama kitambo, kisha akaomba kalamu.