Kuandika Mbio Si Kusikia

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Mimi naongeza kuwa katika mtihani wa kusikiliza haina hata alama!

Dada yangu ni muuguzi. Alipotaka kwenda kufanya kazi Uingereza aliambiwa afanye mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, na katika sehemu ya kusikiliza apate daraja la 7. Mama akauza ndama, karo ya mtihani ikalipwa. Matokeo yalipofika, dada alikuwa na 6.5. Nusu tu! Nyumbani hatukula vizuri siku hiyo.

Sehemu hiyo ina maswali 40 katika mafungu manne, na sauti huchezwa mara moja tu. Ukikosa, imekwenda. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani dawa ni kuandika kila kitu mbio mbio, kama imla ya darasa la nne. Dada naye alidhani hivyo. Mimi napinga, na sababu ninazo, kwa kuwa likizo iliyopita nilikaa naye mezani akijiandaa kurudia, nikayaona makaratasi yake.

Zoezi lilikuwa hivi. Mtu anapiga simu kujiandikisha darasa la kuogelea. Kwenye fomu kuna mapengo manne: jina la ukoo, siku ya darasa, ada kwa pauni, na kitu cha kuleta. Kabla ya sauti kuanza, mtahiniwa hupewa kama nusu dakika asome maswali. Dada aliitumia kunoa penseli. Nikamwambia, “Dada, hapo ndipo pa kubashiri!” Jina litatajwa herufi kwa herufi. Ada ni namba. Kitu cha kuleta ni nomino. Ukishajua aina ya neno unalongojea, sikio halihangaiki na maneno mengine.

Lakini angalia sana: bashiri aina ya jibu, usibashiri jibu lenyewe. Sauti ilitaja pauni 20, dada akaandika 20 akatulia. Kumbe sentensi iliyofuata ilisema wanafunzi hulipa 15, na mpiga simu alikuwa mwanafunzi. Watunzi wa mtihani hupenda mtego huo wa kutaja jambo kisha kulirekebisha. Basi andika 20, ukisikia marekebisho piga mstari, andika 15. Usifute, maana kufuta kunakula muda.

Sasa tuje kwenye vifupisho. Kwenye siku, dada alikuwa ameandika T, herufi moja tu. Nikamuuliza, “T gani?” Akanyamaza. Kwa Kiingereza Jumanne na Alhamisi zote huanza kwa T! Kwetu ni vivyo hivyo, siku tano huanza kwa J. Tukakubaliana kwamba Jumanne iwe Tu na Alhamisi iwe Th. Kifupisho kizuri ni kile utakachoweza kukisoma dakika kumi baadaye. Kibuni nyumbani, ukizoee, usikizue ndani ya chumba cha mtihani.

Na jina je? Hapa usifupishe kamwe, kwa sababu kosa la tahajia hukunyima alama. Tena sisi wasemaji wa Kiswahili tuna shida yetu wenyewe. Herufi A Waingereza huiita “ei”, na E huiita “ii”. Jina lilikuwa Neal. Dada alisikia “ii” akaandika I, akasikia “ei” akaandika E, ikawa Niel. Sikio lilisikia sawasawa, mkono ukaandika Kiswahili! Tulifanya zoezi la herufi hizo kila jioni nikiosha vyombo, mimi nataja, yeye anaandika.

Wengine watasema, “Je, fungu la nne, ambalo ni mhadhara, si lazima uandike sana?” La hasha. Fungu hilo halina mapumziko katikati, kwa hiyo anayeandika sentensi nzima ndiye huachwa nyuma. Maswali hufuata mpangilio wa sauti. Ukikosa la 33, weka alama ndogo, ruka, ungojee la 34. Mwishoni jaza hata kwa kukisia, maana jibu baya halipunguzi alama. Anayefanya kwa karatasi hupewa dakika 10 za kunakili majibu, lakini wa kompyuta hupata 2 tu za kuhakikisha, basi asiweke viporo vingi.

Dada atarudia mwezi ujao. Juzi nilimpima kwa zoezi jipya. Karatasi yake ilikuwa karibu nyeupe, vifupisho vichache tu, na alipata 32 kati ya 40. Daraja la 7 huhitaji kama 30. Mama aliuliza mbona ameandika kidogo hivyo. Dada akamjibu, “Mama, leo nilikuwa nasikiliza.”